Volti Thelathini na Saba

Miaka ishirini na miwili ya ndoa sikuwahi kuingia chumbani kwa baba mkwe wangu. Hatukugombana. Ni heshima tu. Kwetu Unyakyusa mkamwana hakai chumba kimoja na baba wa mumewe, hamtazami usoni, jina lake halitamki. Siku hizi wasichana wengi hawajali tena, na siwalaumu, ila mimi niliolewa kwa mzee wa zamani kidogo, nikaikuta heshima hiyo nikaishika. Nikimwona anakuja njiani kijijini kwake Bujonde, naingia pembeni kwenye mikakao mpaka apite. Yeye naye akijua nipo, anakohoa kutoka mbali ili nipate muda. Ndivyo tulivyopendana. Ndizi zikiiva kwake, mkungu mmoja unakuja nyumbani kwangu Kyela mjini kwa bodaboda, na ujumbe ni ule ule: "Za mkamwana."

Kile kikohozi cha njiani ndicho kilichogeuka ugonjwa.

Kifua chake kilichoka taratibu. Hospitali walimlaza mara mbili, mara ya pili daktari akamwita mume wangu pembeni akamwambia mapafu yameisha, zimebaki dawa za kumpunguzia shida. Mzee akasema basi, nirudisheni kwangu, sitaki kufia wodini. Nesi mmoja akatupa neno ambalo sijalisahau: mtu anayekosa pumzi anapata nafuu upepo ukimpiga usoni. Mtafutieni feni, mchana na usiku, isizime.

Nyumba ya mzee haina umeme wa nguzo. Macho yote yakaja kwangu, maana fundi wa sola kwenye ukoo ni mimi.

Ufundi huo niliupata ukubwani. Darasa la saba nilimaliza, kisha mahindi, mpunga, watoto. Nimeshafikisha miaka thelathini na nane ndipo nikasikia kanisani kwamba kuna masomo ya jioni ya umeme wa jua. Nikaomba, nikafunga siku mbili, nikaenda kujiandikisha. Darasani nilikuwa mwanamke peke yangu. Waliobaki ni vijana wa bodaboda na mafundi redio.

"Mama, utapanda mapaa na hiyo kanga?" mmoja aliniuliza siku ya kwanza.

"Nitapanda," nikamwambia, "na wewe utanishikia ngazi ukiangalia chini."

Walicheka mpaka mwalimu akagonga meza. Mwalimu wetu alitoka Tanga, Mwislamu, mtu mpole, akiingia swala ya magharibi anatuachia kazi ya kufanya. Yeye ndiye aliyetufundisha goti.

Ilikuwa saa kumi, jua bado lipo. Aliegemeza paneli ndogo ukutani, akaleta taa za lori, zile ndogo za volti ishirini na nne, akawa anaunga moja baada ya nyingine. Kila taa ikiongezwa, mmoja anasoma volti, mwingine anasoma ampea, sisi tunaandika. Bila taa hata moja, volti ishirini, ampea sifuri. Taa moja, volti zikashuka kidogo tu, ampea zikapanda. Ya pili, ya tatu, hivyo hivyo. Tulikuwa tunazidisha volti kwa ampea kupata wati, na wati zikawa zinakua. Taa ya sita zote zilikuwa zinawaka vizuri. Akaunga ya saba. Zote zikafifia. Ya nane, zikawa nyekundu kama makaa yanayokufa. Ampea hazikuongezeka tena, volti ndizo zilizoanguka.

Akachora ubaoni. Ukianzia upande wa volti ndogo, mstari wa ampea unakwenda umelala, umelala, halafu unakunja na kushuka mpaka chini. "Hapa panapokunja ni goti," alisema. "Paneli inatoa nguvu yake yote hapa tu. Kushoto kwake ampea zipo nyingi lakini volti hamna. Kulia volti zipo, ampea zimekwisha. Ukiipima ikiwa haijaungwa na kitu, inakuonyesha volti zake za juu kabisa, na hapo haitoi nguvu hata kidogo. Mtu asije akawadanganya kwa volti peke yake."

Mimi nikanyoosha mkono. Kwa nini mstari upinde? Kwa nini usiende sawa mpaka mwisho?

Alieleza kwa maneno ya kitabu, mara mbili, sikuelewa. Niliondoka na swali hilo mpaka shambani. Mwezi ule nilikuwa nachunga maji kwenye jaruba la mpunga, na pale ndipo nilipoona. Maji ya mfereji yanaingia jarubani kwa kiasi kile kile saa zote. Hivyo ndivyo jua linavyosukuma umeme ndani ya paneli: kiasi chake ni kimoja, hakijali volti. Maji yakiwa chini, yote yanatoka upande wa pili kwenda kazini. Nikiziba njia ya kutokea, kimo kinapanda. Tuta linayazuia yasirudi mferejini yalikotoka, ila ni tuta la udongo. Kimo kikikaribia kingo, yanaanza kuvuja kurudi, kwanza matone, halafu kikiongezeka kidole kimoja tu yanamwagika maradufu, kingine tena maradufu. Mwisho yote yanayoingia yanarudi, na kazini hayaendi hata tone. Kimo ndiyo volti. Ndani ya paneli kuna ukingo wa namna hiyo, na umeme unarudi humo humo ndani kabla ya kutoka kwenye waya. Ndiyo maana panapinda, tena ghafla.

Nilimweleza mwalimu siku iliyofuata. Akaniuliza, "Na joto je, mama?" Nikafikiri. Nikasema joto linashusha ukingo. Akacheka, akanipigia makofi peke yake. Maana kweli paneli ikichemka, umeme unaanza kurudi mapema, volti zinapungua.

Naeleza haya yote ili ieleweke kwamba nilijua. Yaliyotokea hayakutokana na kutojua.

Kwa mzee nilinunua paneli moja kubwa, ya wati mia mbili na hamsini. Paneli kubwa za namna ile goti lake lipo kama volti thelathini, wakati betri inajazwa kwa volti kumi na tatu, kumi na nne. Ukiziunga kwa kontrola ya kawaida, kile kiboksi kinachokaa kati ya paneli na betri, betri inaivuta paneli mpaka kwenye kimo chake yenyewe. Ampea unapata nane, lakini kwa volti kumi na tatu, siyo thelathini. Zaidi ya nusu ya nguvu inapotea. Inatakiwa kontrola ya aina nyingine, ile inayoiacha paneli ifanye kazi kwenye goti lake, halafu inabadilisha volti nyingi kuwa ampea nyingi kwa ajili ya betri. Boksi lake linaandikwa MPPT. Niliikuta dukani, boksi limeandikwa hivyo kwa herufi kubwa. Nikaishika. Ilikuwa nyepesi. Nakumbuka nilifurahi kwamba ni nyepesi, haitasumbua ukuta wa matofali mabichi. Ile ya kweli ina koili ndani, ni nzito kama tofali. Nilifundishwa. Siku hiyo haikunijia kichwani.

Mume wangu anafanya kazi za ujenzi Mbeya, akaja mwisho wa wiki kufunga. Alipanda paani, mimi nipo uani namwelekeza. Kisha akaingia chumbani kwa baba yake na kontrola, betri na feni, mimi nikazunguka nyuma ya nyumba nikasimama chini ya dirisha.

"Waya mwekundu uko wapi?" nauliza.

"Huku kushoto."

"Usiuingize mpaka betri iwe imeungwa. Betri kwanza, baba watoto."

"Umeshasema mara tatu, mama watoto."

Nikasikia feni inazunguka. Nikasikia mzee anavuta pumzi, anaitoa. Halafu sauti yake, aliyokuwa anajua itanifikia dirishani ingawa anazungumza na mwanawe: "Mwambieni ndaga." Ndaga ni asante. Nilikwenda kwenye mikakao nikalia, nikamshukuru Mungu.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya jua kali, betri nilikuwa nimeileta imejaa. Halafu mvua za Kyela zikaanza, unajua zilivyo. Mama mkwe akanipigia simu: feni inazima jogoo bado hajawika. Wiki iliyofuata ilizima mapema zaidi. Ikizima, mama anakaa ukingoni mwa kitanda anampepea mzee kwa kipande cha boksi mpaka kuche. Akichoka mkono wa kulia anahamia kushoto.

Nikaenda. Na hapa ndipo lilipo kosa langu.

Nilikuwa na mita yangu, ila mtu wa kuingia nayo chumbani ni mama, na mama hajui mita. Nikatafuta kipimo rahisi ambacho hawezi kukikosea. Waya wa paneli ulikuwa na kiungio karibu na dirisha. Nikamwambia akivute kiachane, achomeke sindano nyekundu ya mita huku, nyeusi kule, anisomee namba.

"Tatu na saba," alisema kupitia nondo za dirisha.

"Thelathini na saba?"

"Tatu na saba, mwanangu, zimekaa pamoja."

"Basi paneli ni nzima, mama. Rudisha waya. Ni mvua tu hizi."

Ni mvua tu. Nilisema hivyo wiki hiyo, nikasema hivyo wiki ya pili na ya tatu. Kila mara namba ni ile ile, thelathini na saba, mara thelathini na sita. Nilipima maji jarubani njia ya kutokea nikiwa nimeiziba, nikakuta kimo kizuri, nikarudi nyumbani nimeridhika. Yale mwalimu aliyosema mtu asije akatudanganya, nilijidanganya mwenyewe. Kama ingekuwa nyumba ya mteja ningeingia, ningeishika ile kontrola, ningepima waya ukiwa umeungwa. Kwa mzee nilisimama nje na heshima yangu.

Nikashuku betri. Nikamwambia mume wangu kwa simu betri ni mbovu. Akauliza, "Una hakika?" Nikasema nina hakika. Tukabadilisha betri. Feni ikaendelea kuzima.

Siku moja ya Alhamisi, baada ya maombi ya akina mama, nilipita Bujonde. Mama alitoka kunipokea, nikaona anachukua kikombe cha maji kwa mikono miwili. Kiwiko cha kulia kimevimba.

"Ni nini, mama?"

"Ni kupepea," alisema, kama mtu anayesema ni kufagia.

Kulikuwa na jua kati ya mawingu mawili, saa sita. Nilikwenda dirishani. Nikasema, mama, leo usivute waya. Uache kama ulivyo. Chini ya kile kiboksi cha ukutani kuna skrubu mbili zenye picha ya paneli, gusisha sindano hapo.

Alichukua muda. Nilisikia mzee anapumua, pumzi fupi fupi, kama mtu anayepanda mlima akiwa amelala.

"Moja na tatu. Kuna nukta. Nne."

Kumi na tatu nukta nne. Jua la saa sita, na paneli ya goti la thelathini imekaa kwenye kimo cha betri. Nilimwomba aifungue ile kontrola ukutani anipitishie dirishani. Nilipoipokea tu mkononi nikajua. Boksi lilisema MPPT, ndani ilikuwa ya kawaida, ya bei rahisi. Wiki tano. Nilikaa chini kwenye matope na sketi yangu ya kanisani.

"Mwanangu, imekufa?" mama akauliza.

"Haijafa, mama. Mimi ndiye niliyekosea."

Nilimpa ile ile airudishe ukutani kama ilivyokuwa, maana kontrola ya kweli ilikuwa ya kuagiza Mbeya, na njia siku hizo ilikuwa imekatika kwa maji. Nikafikiri nina nini. Paani kwangu nina paneli mbili za zamani, ndogo, za wati mia mia. Goti lake ni volti kumi na nane, na kwa joto letu linashuka mpaka kumi na sita, karibu kabisa na betri. Hizo hata kwa kontrola ya kawaida hazipotezi mengi. Nikiziunga sambamba, ampea kumi na moja na ushee badala ya nane. Nilipiga hesabu nyuma ya kitabu cha nyimbo. Feni ingefika asubuhi.

Kesho yake nikazishusha kwangu, watoto wakabaki na tochi ya simu, nikazipeleka Bujonde kwa bajaji. Tatizo likawa nani apande. Mume wangu yuko Mbeya, njia imekatika. Nikasema nitatafuta kijana. Mimi nipande paa la baba mkwe, nikanyage juu ya kichwa chake? Hata wazo lenyewe lilinitia aibu.

Mama aliingia ndani kumweleza mzee. Nikasikia kupitia dirishani, maneno yakitoka mawili mawili.

"Apande yeye."

"Mkamwana?" mama aliuliza.

"Nimechoka kusikia namba. Apande... aone mwenyewe. Mnitoe nje. Nisiwe chini yake."

"Utaweza kutoka?"

"Nitatoka."

Majirani wawili wanaume walimbeba na kiti chake. Mimi nilikuwa nyuma ya jiko nimegeukia ukuta. Walimkalisha uani kwenye kivuli, akitazama mikakao, mgongo kwa nyumba. Mama alinitupia kanga nikajifunga juu ya suruali ya kazi. Jirani mmoja, mtu wa mizaha hata msibani, alisema, "Leo paa litajua mvua ya namna nyingine." Hakucheka mtu, ila mzee alitikisa mabega. Mama aliniambia baadaye kwamba alikuwa anacheka.

Nikapanda. Toka juu nilikiona kichogo chake, kimekuwa kidogo kama cha mtoto. Bila feni, nje, na joto lile la baada ya mvua, kila pumzi nilikuwa naiona inavyomgharimu. Nilishusha paneli kubwa kwa kamba, nikapandisha zangu, nikafunga, nikaunga. Pengine robo tatu ya saa. Muda wote huo alikaa wima, hakugeuka hata mara moja. Nilipomaliza nikashuka upande wa nyuma, nikasema kwa mama, "Tayari." Mzee akakohoa, kile kikohozi cha njiani, cha kunipa nafasi nijifiche. Nikaingia kwenye mikakao. Wakamrudisha ndani.

Usiku ule feni haikuzima. Wala uliofuata. Mama alilala, akaniambia alilala mpaka akaogopa alipoamka. Siku nane. Asubuhi ya tisa mama alipiga simu, nilipoona namba yake nikapiga magoti kabla ya kupokea.

Daktari alimwambia mume wangu kwamba feni isingeongeza siku. Najua. Mchungaji naye aliniambia Mungu hapimi watu kwa makosa ya ufundi. Namwamini. Lakini kuna wiki tano ambazo mzee alihangaika gizani, na mkewe na kipande cha boksi, kwa sababu mtu aliyejua alisimama dirishani akauliza swali jepesi. Hilo nimelipeleka mbele za Mungu, na bado nalipeleka. Kwa mama niliomba msamaha siku ya tatu ya msiba, nikiwa nimemshika kile kiwiko. Alisema, "Nilikuwa nampepea mume wangu. Ulitaka nimwachie nani?"

Baada ya kumzika kwenye migomba kando ya nyumba, watu walipopungua, mama aliniita.

"Ingia ukazime kile kitu. Sisi tunaogopa kukigusa."

Nilivua viatu mlangoni. Kilikuwa chumba kidogo kuliko nilivyokuwa nimekifikiria miaka yote ile. Kitanda kimetolewa godoro, Biblia dirishani, fimbo kwenye kona. Feni ilikuwa bado inazunguka, inapepea kamba za kitanda. Siku tatu ilikuwa inapepea kitanda kitupu.

Nilianza na paneli kama inavyotakiwa, nikatoa nyaya zake mbili, kisha za feni, mwisho za betri. Feni ilizunguka kidogo peke yake ikasimama. Mita ilikuwa mfukoni. Sijui kwa nini niliitoa, labda mazoea. Niligusisha sindano kwenye nyaya za paneli. Volti ishirini na moja. Jua la saa sita lilikuwa juu ya paa, paneli zimejaa mpaka ukingoni, na umeme haukuwa na mahali pa kwenda. Nikazifunga ncha za nyaya kwa tepu, moja moja, nikakaa sakafuni mpaka mama alipokuja kuniita chakula.